Jumamosi Usiku, Saa Nane: Zoezi la Mezani la Uvamizi wa Kikombozi kwa Timu ya Tehama ya Hospitali

Zoezi hili linatafuta jibu la swali moja. Usiku wa Jumamosi, mkuu wa Tehama akiwa hapatikani kwa simu, nani ana ruhusa ya kukata mtandao wa hospitali nzima, na je, yeye mwenyewe anajua kwamba ruhusa hiyo anayo? Hospitali nyingi za Nairobi zina faiawoli nzuri na bekapu za kila usiku, lakini swali hili halijawahi kuandikwa jibu popote. Wavamizi wanaodai kikombozi wanaufahamu udhaifu huo. Wanaweza kukaa ndani ya mtandao siku kadhaa wakijifunza ramani yake, kisha wanafunga faili wikendi, wakati zamu ina mtu mmoja na wakubwa wako mashambani au harusini. Huduma ya kitaifa ya maabara ya Afrika Kusini ilivamiwa Jumamosi, tarehe 22 Juni 2024, na sehemu ya mifumo yake ikafutwa pamoja na bekapu. Huduma ya afya ya Ireland ilivamiwa alfajiri ya Ijumaa, tarehe 14 Mei 2021.

Hospitali ya mfano tunayoitumia ina vitanda 120 na iko upande wa Eastlands. Ina chumba cha wagonjwa mahututi chenye vitanda 8, vyumba viwili vya upasuaji, maabara, famasia na mashine moja ya CT. Seva mbili za VMware ESXi zinabeba seva pepe 14, zikiwemo za mfumo wa hospitali, maabara, picha za eksirei na seva mbili za domeini. Bekapu za kila usiku zinaingia kwenye hifadhi iliyo chumba kilekile cha seva, na kila Ijumaa saa 11 jioni nakala moja inawekwa kwenye diski ya nje inayofungiwa katika sefu ya idara ya fedha. Badilisha takwimu hizi zifanane na za kwako kabla ya kuanza, kwa sababu washiriki wakisikia jina la seva wasiyo nayo wataanza kubishana na hadithi badala ya kuamua.

## Maandalizi

Tenga saa tatu: dakika 15 za kanuni, saa mbili za bahasha tano, na dakika 45 za tathmini. Watu mezani wasizidi 10. Wanaohitajika ni msimamizi wa zamu wa Tehama, mkuu wake, muuguzi msimamizi, daktari wa zamu, mtu wa maabara, mhasibu, afisa wa ulinzi wa data, wakili, mtu wa mawasiliano, na mkurugenzi mkuu. Mkurugenzi asitume mwakilishi. Maamuzi mawili ya usiku huu ni yake, na mwakilishi atajibu "nitamuuliza", jibu ambalo linaua zoezi. Nje ya hao kumi kuna msimamizi wa zoezi anayesoma bahasha, na mwandishi anayeandika kila uamuzi pamoja na saa uliyofanyika.

Fanya zoezi Jumamosi asubuhi. Usiwaambie washiriki saa kamili; waambie tu wawe Nairobi. Saa mbili asubuhi piga simu kwa mpangilio wa orodha yenu ya dharura, kwa kutumia orodha ile iliyobandikwa ukutani, na uandike nani amepokea, baada ya muda gani, na nambari zipi hazipo tena. Hapo zoezi limeshaanza kukufundisha kabla hata ya chai.

Kila karatasi iandikwe juu kwa herufi kubwa HILI NI ZOEZI. Picha moja ya barua ya kudai pesa ikiingia kwenye kundi la WhatsApp la wauguzi bila maneno hayo, kufikia jioni mji mzima utakuwa unajua kwamba hospitali imevamiwa. Mjulishe pia mkuu wa walinzi na muuguzi wa zamu wa chumba cha wagonjwa mahututi. Hakuna mtu anayegusa mfumo unaotumika. Amri na vitendo vyote vinasemwa kwa mdomo, na mwandishi anaviandika.

## Bahasha ya kwanza: saa 8:20 usiku (dakika 20)

Msimamizi anasoma: simu ya Tehama inalia.

"Halo, Tehama? Ni Sista wa ICU hapa. Sistemu imekataa tena. Nimejaribu kufungua majibu ya damu ya mgonjwa wa kitanda cha tatu, inazunguka tu."

"Pole Sista. Umejaribu kompyuta nyingine?"

"Zote. Hata maabara wamenipigia, kwao pia imekufa."

Mpe msimamizi wa zamu karatasi inayoonyesha anachokiona akifungua ukurasa wa seva ya ESXi: seva pepe 9 kati ya 14 zimezimika, na hakuna mtu aliyezizima. Muulize unafanya nini dakika kumi zijazo, kisha unyamaze.

Kosa la kawaida hapa ni kuziwasha upya. Linaeleweka, kwa kuwa mfumo wa hospitali hukwama mara kwa mara na dawa yake siku zote imekuwa kuwasha upya. Lakini seva pepe nyingi kuzimika kwa pamoja ni dalili inayojulikana. Virusi vya kikombozi vinavyolenga ESXi huzizima kwanza ili faili zake za diski ziachiliwe, ndipo viweze kuzifunga. Akiwasha seva ambayo faili yake imefungwa nusu, anaweza kuiharibu kiasi kwamba hata ufunguo halali hautaifungua.

Jibu unalolitaka ni kwamba anatazama kabla ya kugusa. Kwenye ESXi yenyewe, amri hizi mbili zinatosha:

```
esxcli vm process list
ps -c | grep /tmp
```

Ya kwanza inaorodhesha seva pepe ambazo bado ziko hai. Ya pili inatafuta programu inayoendeshwa kutoka folda ya `/tmp`, mahali ambapo programu hizi huwekwa mara nyingi. Mpe karatasi ya majibu: programu isiyojulikana inaendelea kufanya kazi, faili za diski za seva ya maabara zimebadilishwa majina, lakini diski ya terabaiti 4 ya picha za eksirei bado ina jina lake la zamani.

Sasa subiri uone kama kuna atakayesema kwamba kuchomoa kebo ya mtandao kutamaliza tatizo. Wengi wamefundishwa kanuni ya "chomoa kebo, usizime", na kwa kompyuta ya mezani ni kanuni nzuri, maana kumbukumbu ya muda inabaki na ushahidi unabaki nayo. Kwenye ESXi kanuni hiyo haitoshi. Programu inafunga faili ikiwa ndani ya seva yenyewe na haihitaji mtandao ili kuendelea. Ni lazima isimamishwe kwa `kill -9` na nambari yake, na ikikataa kufa, seva izimwe kwa kitufe. Mkizima mtapoteza kumbukumbu ya muda, na faili iliyokuwa ikifungwa wakati huo huenda ikaharibika kabisa. Msipozima, mtapoteza zilizobaki. Acha wabishane dakika tano, kisha mtu mmoja aamue kwa sauti na mwandishi aandike saa. Kikomo chake pia kisemwe: programu nyingi za sasa hufunga vipande tu vya faili kubwa ili zimalize haraka, kwa hiyo hata mkiwahi msitegemee kwamba diski ile imesalimika mpaka ikaguliwe.

## Bahasha ya pili: saa 8:35 usiku (dakika 25)

Barua imeonekana kwenye skrini ya seva. Inasema faili zimefungwa, data ya wagonjwa imenakiliwa, na hospitali iingie kwenye ukurasa fulani kupitia Tor ndani ya saa 72. Haitaji kiasi. Simu ya mkuu wa Tehama inaita bila kupokewa. Mwondoe mezani kwa dakika 25 zote, akae pembeni asikilize asiseme kitu.

Hii ndiyo bahasha ambayo zoezi zima limejengwa juu yake, kwa hiyo usiikimbize. Msimamizi wa zamu amebaki peke yake. Muulize: unakata mtandao? Akijibu "nampigia mkurugenzi kwanza", mwambie mkurugenzi amepokea baada ya dakika 14 na anataka kuelezwa kila kitu tangu mwanzo. Huku wakizungumza, msomee kompyuta za famasia zikifungwa moja baada ya nyingine.

Kinachomzuia kijana wa zamu ni hofu ya kufukuzwa kazi kwa kuzima hospitali kimakosa. Hofu hiyo inaondolewa na karatasi moja iliyosainiwa na mkurugenzi na kubandikwa ndani ya mlango wa chumba cha seva. Andikeni maneno yake hapohapo mezani. Yanaweza kuwa hivi: msimamizi wa zamu anaweza kukata intaneti na mtandao wa seva bila kumwuliza mtu, akiona dalili mbili kati ya hizi tatu, yaani faili zimebadilishwa majina, seva zimezimika bila kuzimwa, au kuna ujumbe wa kudai pesa. Akikata na ikaonekana hapakuwa na uvamizi, hataadhibiwa. Akishakata, anapiga simu tatu kwa mpangilio: muuguzi msimamizi, mkuu wa Tehama, mkurugenzi.

Muuguzi anakuja wa kwanza kwa sababu wodi ndizo zitakazoumia kabla ya ofisi.

Mpangilio wa kukata nao una maana yake. Anza na kebo ya intaneti kwenye faiawoli, ili mvamizi apoteze mkono wake wa ndani na data iache kutoka. Fuata na kebo ya hifadhi ya bekapu, ambayo huenda bado ina kitu. Mwisho tenganisha swichi ya seva na swichi za wodi. Swichi zenyewe zisizimwe, kwa kuwa kumbukumbu zake zitahitajika baadaye.

Kisha muulize kila aliye mezani nini kimekufa kwake baada ya kebo hizo tatu. Majibu huwashangaza wengi. Simu za mezani zinapita kwenye mtandao uleule, kwa hiyo zimenyamaza. Keshia haoni tena uthibitisho wa M-Pesa kwenye mfumo, na madai ya SHA hayaingii. Mtaalamu wa eksirei anayesoma picha akiwa nyumbani hazioni. Mashine za kupumulia na mashine za kando ya kitanda zinaendelea kwa kujitegemea, lakini skrini kuu inayozikusanya pale kwenye meza ya wauguzi huenda imezimika. Muuguzi msimamizi ndiye anayejua, na ikiwa hajui, hilo ni la kwenda kuliangalia Jumatatu. Simu mbili za kawaida zenye muda wa maongezi, pamoja na orodha ya nambari kwenye karatasi, ziwe tayari kwenye droo ya Tehama. Barua pepe ya hospitali isitumike kuzungumzia uvamizi. Chukulieni kwamba mvamizi anaisoma.

## Bahasha ya tatu: saa 9:20 usiku (dakika 25)

Mrudishe mkuu wa Tehama mezani. Mwache daktari na muuguzi waongoze bahasha hii, Tehama wasikilize.

Mama mjamzito ameletwa kwa upasuaji wa dharura. Damu inahitajika. Wakati huohuo, mgonjwa wa kitanda cha tatu anatakiwa kupewa dozi ya dawa saa 10 alfajiri, na kadi yake ya dawa iko kwenye mfumo peke yake.

Mwulize mtu wa maabara: mashine zako zinafanya kazi? Jibu la kweli katika maabara nyingi ni kwamba zinafanya kazi vizuri, na tatizo ni kwamba majibu hayatoki kwenda popote. Yatasomwa kwenye skrini ya mashine au kuchapwa kwenye printa yake ndogo, kisha mtu atembee nayo mpaka thieta. Hapo ndipo hatari ya kweli ilipo. Sampuli yenye jina la kwanza tu, usiku wenye wagonjwa wawili wa jina moja, inaweza kuleta damu ya kundi lisilofaa. Kila wodi iwe na pakiti ya karatasi iliyofungwa: fomu 30 za maabara, fomu 30 za dawa, kalamu, na vibandiko vya nambari za muda vilivyochapwa mapema, kila wodi na mfululizo wake, kwa mfano D-0001 hadi D-0100 kwa kitengo cha dharura. Mfululizo ukigawanywa mapema, wodi mbili haziwezi kumpa mgonjwa nambari moja, na mfumo ukirudi kila karatasi itaingizwa kwa mgonjwa wake.

Kuhusu dozi ya saa 10, dawa yake ni kuchapa. Kila siku saa 12 jioni, mfumo uchape kwa kila wodi ukurasa mmoja kwa kila mgonjwa unaoonyesha mzio, dawa na dozi za saa 24 zijazo. Wakishalalamika kuhusu gharama ya karatasi, muulize daktari angefanya nini usiku huu bila ukurasa huo. Kurasa za jana zinachanwa asubuhi kwa mashine ya kuharibu karatasi, kwa kuwa nazo ni data ya wagonjwa.

CT itaendelea kupiga picha na kuzihifadhi kwenye kompyuta yake yenyewe. Ulizeni nafasi iliyobaki ni ya siku ngapi. Mwendeshaji wa mashine akisema hajui, mpeni siku saba alete jibu.

## Bahasha ya nne: saa 11 alfajiri (dakika 20)

Mkurugenzi amepata ujumbe kwenye simu yake binafsi. Una picha ya faili za wagonjwa 12 zenye majina, nambari za vitambulisho na majibu ya vipimo. Wavamizi wanataka dola 400,000.

Kabla ya kuzungumzia pesa, msomee mkuu wa Tehama mstari huu kutoka kumbukumbu za ESXi na umwulize uvamizi ulianza saa ngapi:

```
2025-03-08T23:14:07Z
```

Akijibu saa tano na dakika 14 usiku, amekosea kwa saa tatu. ESXi huandika kumbukumbu zake kwa saa za UTC, nayo Nairobi iko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo ilikuwa saa nane na dakika 14. Kosa hilo ni jepesi mno kwetu, kwa sababu "23:14" tunaisoma kuwa saa tano usiku bila kufikiri, na wakati huohuo muuguzi anasema "saa nane" akimaanisha 02. Matokeo yake timu inamhoji mtu wa zamu ya jioni ambaye hahusiki, na taarifa ya kisheria inaandikwa saa isiyo sahihi. Ubao wa zoezi uwe na safu moja tu ya saa, ya saa 24 za Nairobi, na kila anayeleta taarifa aibadilishe kabla ya kuiandika.

Saa hiyo ndiyo inayoanzisha hesabu za wakili. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 40, inadai kamati ya kitaifa inayoratibu masuala hayo, NC4, ijulishwe ndani ya saa 24 za uvamizi. Uvamizi ulikuwa Jumapili 02:14, kwa hiyo mwisho ni Jumatatu 02:14, usiku wa manane. Anayesema "tutapeleka barua Jumatatu asubuhi ofisi zikifunguliwa" ameshachelewa, na karibu kila meza ina mtu atakayelisema hilo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 43, inatoa saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data, tangu hospitali ilipofahamu kwamba data imefikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli kwa wenye data. Mkihesabu kuanzia ujumbe wa saa 11 alfajiri, mwisho ni Jumatano 05:00. Wakili mwangalifu ataanza kuhesabu saa 8:35, barua ilipodai kwamba data imenakiliwa, na tunakubaliana naye. Taarifa ya kwanza haihitaji kuwa kamili. Iandikwe na inayojulikana, na mengine yafuate.

Kisha pesa. Muulize mkurugenzi moja kwa moja: nani anaamua kulipa au kutolipa, na anahitaji sahihi ya nani? Msimruhusu mtu wa Tehama ajibu swali hili, wala kuingia kwenye ukurasa wa wavamizi kwa udadisi. Katika baadhi ya makundi saa huanza kuhesabu pale mtu anapoingia kwa mara ya kwanza. Atakayetetea kulipa atasema kwamba ufunguo utaturudisha kazini kesho. Msomee yaliyotokea Ireland. Wavamizi walitoa ufunguo bure tarehe 20 Mei 2021, siku sita baada ya uvamizi, na bado kurudisha mifumo kulichukua miezi, hadi Septemba. Ufunguo unafungua faili. Haumtoi mvamizi ndani ya mtandao, na kila seva bado inapaswa kujengwa na kukaguliwa. Kulipa pia hakurudishi data iliyokwisha kunakiliwa.

## Bahasha ya tano: Jumapili saa 2 asubuhi (dakika 30)

Hifadhi ya bekapu imefutwa. Seva yake ilikuwa ndani ya domeini ileile, na mvamizi aliyepata akaunti kuu ya domeini alikuwa na ruhusa ya kuifuta. Imebaki diski ya Ijumaa. Funguo ya sefu anayo mhasibu, naye yuko Murang'a kwenye mazishi.

Mhasibu aliye mezani aeleze kuna funguo ya pili wapi. Kisha leta pigo la pili: diski imefungwa kwa nywila, na nywila imo kwenye faili iliyokuwa kwenye seva ya mafaili. Mwandike aliyenyamaza wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na jukumu hilo. Nywila ya bekapu inafaa kuandikwa kwenye karatasi mbili, moja katika bahasha iliyofungwa ofisini kwa mkurugenzi na nyingine nje ya jengo.

Diski ikishapatikana, fanyeni hesabu kwa sauti. Ina terabaiti 1.8. Kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, kuisoma yote ni sekunde 18,000, yaani saa tano, kabla ya kusakinisha chochote. Kutoka Ijumaa 17:00 hadi Jumapili 02:14 ni saa 33 za kazi ambazo hazimo. Zitaingizwa kwa mkono kutoka karatasi na kumbukumbu za mashine za maabara. Mkurugenzi aliyezoea kuambiwa "tutarudi baada ya saa moja" alisikie hili sasa.

Halafu bahasha ya ndani: kumbukumbu za VPN zinaonyesha kwamba mvamizi aliingia siku tisa zilizopita kwa akaunti ya muuzaji wa mfumo, isiyo na uthibitisho wa hatua ya pili. Diski ya Ijumaa ilinakiliwa akiwa tayari ndani. Je, mnairudisha?

Jibu zuri ni kurudisha data peke yake. Picha nzima za seva zinaweza kuwa na mlango wa nyuma wa mvamizi, na kuzirudisha ni kumkaribisha tena. Sakinisha Windows na SQL Server upya kwenye kompyuta safi, katika mtandao usiogusa ule wa zamani, kisha kagua faili ya hifadhidata:

```
RESTORE VERIFYONLY FROM DISK = N'E:\hmis.bak';
```

Amri hii inathibitisha tu kwamba nakala imekamilika na inasomeka. Haisemi kama data iliyo ndani ni nzima, kwa hiyo baada ya kuirudisha endesha `DBCC CHECKDB`. Mtu wa rekodi za wagonjwa naye afungue wagonjwa 10 anaowafahamu na kulinganisha na mafaili yao ya karatasi. Kagua pia orodha ya watumiaji ndani ya mfumo wenyewe na ufute akaunti ambayo hakuna anayeitambua.

Mpangilio wa kurudisha uamuliwe na muuguzi msimamizi na daktari, Tehama watoe saa tu. Katika hospitali ya mfano, mfumo wa wagonjwa unatangulia, maabara inafuata, kisha famasia, malipo, na picha za eksirei mwisho kwa ukubwa wake. Idara ya fedha itapinga, na ina hoja: bila malipo hakuna mishahara. Acha hoja isikike, mkurugenzi aamue, iandikwe. Anzeni kwa akaunti za ndani ya seva, bila kusubiri domeini mpya, ikiwa mfumo wenu unaruhusu. Muulizeni muuzaji swali hilo wiki hii.

## Tathmini

Mwandishi asome tofauti nne tu za muda: simu ya kwanza hadi mtu kutazama ESXi, barua kuonekana hadi kebo ya intaneti kukatwa, kukatwa hadi muuguzi msimamizi kujulishwa, na kuomba diski hadi kujua nywila iko wapi. Katika hospitali hii tungetaka ya pili isizidi dakika 10. Ikizidi 30, chanzo hakitakuwa ujuzi wa Tehama. Itakuwa ile karatasi ya ruhusa haipo.

Kila upungufu uandikwe ukiwa na jina la mtu mmoja na tarehe. "Tehama itashughulikia bekapu" haina mwenyewe. "Mkuu wa Tehama ataiondoa seva ya bekapu kwenye domeini kufikia tarehe 30" ina mwenyewe, na inaweza kukaguliwa. Yasizidi saba, orodha ya 25 haitakamilika na itawachosha watu kabla ya zoezi lijalo. Karatasi ya ruhusa isainiwe kabla mkurugenzi hajaondoka chumbani.

Baada ya miezi sita rudieni hadithi hiihii, lakini msimamizi wa zamu awe mtu mwingine, mkuu wa Tehama asiwepo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na diski ya Ijumaa ionekane imeharibika.